Piko imeandikwa "isitiwe kwenye nyusi wala kope": kampuni inajikinga tu, ama kuna jambo?

MamaZawadi_Himbi, Jumapili saa 2:10 usiku

Wandugu, mnisaidie. Nina saluni ndogo hapa Goma, Himbi, mwaka wa sita sasa. Kuna mteja wangu wa kila mwezi, mama wa miaka kama 40, anatia piko nyeusi kichwani. Tangu Desemba akaanza kuniomba nimalizie na nyusi, kwa sababu nywele zikiwa nyeusi nyusi zinaonekana zimepauka. Mara ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu alisema nyusi zimemwasha kidogo usiku, akapaka vazelini ikaisha.

Alhamisi mchana nikamtia mara ya nne. Alitoka saluni anacheka. Leo asubuhi mtoto wake ameniletea picha: macho yamefumba kabisa, kope zimevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki, masikio mekundu, pale kwenye nyusi panatoa majimaji. Kichwani kwenyewe, ambako ndiko nilitia piko nyingi, kuna vipele vichache tu.

Nimerudi kwenye pakiti, nimesoma yale maandishi madogo ya Kifaransa ambayo kusema kweli sikuwahi kuyamaliza. Nilikuwa naangalia dakika tu. Wameandika isitiwe kwenye nyusi wala kope. Sasa mbona mara tatu haikufanya kitu? Pakiti hii ilikuwa mbovu?

FundiNywele_Birere, Jumapili saa 2:31 usiku

Pole mama. Mie niko kwa hii kazi tangu 2009, nyusi natia kila siku, Birere nzima banatia. Hayo maandishi kampuni banaandika juu ya kujikinga, mtu asiende kuwashitaki. Kitu kinaharibu macho ni amonia na oksidan. Ukichukua rangi ya tubi na oksidan ya volimu 30, ikaingia jichoni, hapo mtu atalia kweli. Lakini piko ya unga unaichanganya na maji tu, haina oksidan, haina harufu. Pakiti yako itakuwa ilipita muda, ama ni ya kughushi. Angalia tarehe.

KitengeNaRangi, Jumapili saa 2:44 usiku

Rangi ikishika vibaya chemsha maji na chumvi, loweka usiku mzima. Mimi rangi zote nanunua Virunga, hazijawahi kunisumbua, ila uvae glovu.

MamaZawadi_Himbi, Jumapili saa 2:47 usiku

Ndugu, ni nywele za mtu, si kitenge 😅

Fundi, tarehe nimeangalia, bado mwaka mzima.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumapili saa 3:20 usiku

Mama Zawadi, kabla ya mambo mengine: huyo mama anaona? Mtu amfungue kope polepole na vidole safi, amuulize kama anaona vizuri kama zamani, kama mwanga unamchoma, kama jicho lenyewe (si kope) linauma. Na kama midomo au ulimi umevimba, ama anapumua kwa shida, asisubiri kesho, aende hospitali usiku huu.

Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya macho hapa Bukavu. Macho ya namna hii tunayapata sana baada ya sikukuu na ndoa.

MamaZawadi_Himbi, Jumapili saa 3:52 usiku

Nimepiga simu. Anaona sawa, mwanga haumsumbui sana, anapumua vizuri. Kinachomtesa ni kuwashwa na kope kuwa nzito. Jirani alimwambia atie maziwa ya mama anayenyonyesha, na kuna mtu amemletea kichupa cha matone kutoka farmasi, ile dawa ya kuondoa wekundu.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumapili saa 4:15 usiku

Maziwa hapana, hayazuii kitu na yanaweza kupeleka vijidudu kwenye ngozi iliyofunguka. Hicho kichupa asikitie mpaka mtu ameangalia jicho lake na taa. Kuna matone ya "kuondoa wekundu" yenye kortizoni ndani. Kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, kortizoni inaweza kukifanya kibaya zaidi huku wekundu unapungua, na mtu anafikiri amepona. Kwa usiku huu: aoshe nywele tena na maji mengi na sabuni laini, kichwa kikiinama nyuma ili maji yasipite usoni, kusudi piko iliyobaki itoke. Kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope. Kesho asubuhi aende kwa daktari. Pengine atapewa kortizoni ya kumeza kwa siku chache, lakini hiyo aamue aliyemwona.

Sasa swali lako. Nifanyie kitu kimoja, chukua pakiti uniandikie hapa yale maonyo, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili chako. Na kwenye orodha ya vilivyomo tafuta jina refu linalomalizikia kwa "diamini" (kwenye pakiti i ya mwisho itakuwa e).

MamaZawadi_Himbi, Jumapili saa 4:40 usiku

Nimewasha tochi ya simu. Wanasema hivi:

Inaweza kuleta aleji kali. Usitie rangi kama uliwahi kupata shida yoyote baada ya kutia rangi. Usitie kama uliwahi kupata shida kwa mchoro wa hina nyeusi. Fanya jaribio saa 48 kabla, hata kama umeshatumia bidhaa hii zamani. Isitiwe kwenye nyusi wala kope. Ikiingia machoni osha mara moja. Vaa glovu.

Na hilo jina la diamini lipo, ni la kwanza kabisa, linaanza na herufi p na kistari.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumapili saa 5:25 usiku

Hiyo p ni parafenilinidiamini, watu wengi wanaiita PPD. Ndiyo inayofanya nyeusi iwe nyeusi.

Ndugu yangu Fundi umesema nusu ya kweli. Amonia na oksidan zinaunguza, na oksidan ya volimu 30 ni asilimia 9 ya peroksidi, si mchezo kwenye jicho. Lakini moto wa namna hiyo unakuja palepale. Mtu anaruka kwenye kiti, dakika hiyohiyo. Huyu mama alitoka anacheka Alhamisi, akavimba Jumapili. Mwili ukingoja siku mbili tatu, hiyo si kuunguzwa, ni aleji. Na aleji hii haihitaji amonia wala harufu. Tena unga wa piko si kweli kwamba hauna oksidan, wameshaichanganya humo ndani ikiwa kavu, maji yako ndiyo yanaiamsha. Ungekuwa hauna, piko isingeshika haraka hivyo.

Mama, umeuliza mbona mara tatu haikufanya kitu. Hapo ndipo watu wanapotea. PPD haifanyi kama pilipili, kwamba ukizoea haikuwashi tena. Inakwenda kinyume. Mara za kwanza ngozi inaijua, kinga ya mwili inaiweka akilini kama adui, na wewe huoni kitu. Siku ikishaijua vizuri, mara inayofuata inaipiga. Ndiyo maana mstari wa jaribio unasema "hata kama umeshatumia zamani". Kwa mtu wa mara ya kumi jaribio lina kazi zaidi kuliko kwa mtu wa mara ya kwanza. Na ile mara ya tatu, nyusi zilipomwasha usiku akapaka vazelini, mwili ulikuwa umeshasema. Mstari wa pili wa pakiti yako ulikuwa unaongea habari ya usiku ule.

Aline_Ibanda, Jumatatu saa 1:05 asubuhi

Mimi lakini ilinipata mara ya KWANZA kabisa kutia rangi, nikiwa na miaka 22. Kwa hiyo hiyo habari ya kuzoea sijui.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumatatu saa 1:30 asubuhi

Aline, kabla ya hapo uliwahi kuchorwa mkono kwa hina nyeusi?

Aline_Ibanda, Jumatatu saa 1:41 asubuhi

Weee. Ndoa ya yaya wangu, nilikuwa na 14 hivi. Walinichora ua kwenye mkono. Baada ya wiki mbili ua lote lilifura, lile umbo lenyewe, majani na kila kitu, likabaki alama nyeupe miezi. Mama alisema ni damu chafu.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumatatu saa 12:50 jioni

Basi mara yako ya kwanza ilikuwa ile ya ndoa. Hina ya kweli, majani yale, inatoa rangi ya machungwa au ya kahawia, haitoi nyeusi ya makaa. Ukiona nyeusi inayoshika kwa nusu saa, wameongeza piko, na kwa michoro wanaiweka nzito kuliko ya nywele. Kule Ulaya sheria inasema PPD kwenye nywele, ikishachanganywa, isipite asilimia 2. Kwenye kibakuli cha mchoraji hakuna anayepima. Ndiyo sababu pakiti ya rangi ya nywele inauliza habari za mchoro wa mkononi, swali ambalo wengi wanaona halina maana pale.

Aline, ukienda kung'oa jino mwambie daktari wa meno kwamba una aleji ya PPD. Kuna dawa za ganzi ambazo ni ndugu zake wa mbali, na zipo nyingine zisizo na undugu huo, yeye atachagua.

FundiNywele_Birere, Jumatatu saa 1:22 usiku

Dokta nakubali habari ya aleji. Lakini juu ya nini nyusi tu? Kama iko aleji, ni aleji kichwani pia. Kwa nini kichwa wanaruhusu, nyusi wanakataza? Ni mwili uleule.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumatatu saa 2:05 usiku

Swali zuri, na mimi ni muuguzi tu, dokta ni cheo umenipa wewe.

Ona picha ya mteja wa Mama Zawadi. Kichwani vipele vichache, kope zimefumba. Tunaona hivyo hata kwa mtu ambaye hakuguswa nyusi. Ngozi ya kichwa ni nene, imekazwa juu ya fuvu. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na chini yake ni legevu, maji yanapata nafasi ya kujaa. Kwa hiyo aleji ya kichwani inashuka kujionyesha kwenye kope na masikio. Sasa wewe unaichukua dawa yenyewe, unaiweka sentimita moja kutoka hapo.

Halafu kuna namna tunavyoitia. Mama Zawadi atanisahihisha: kwa nywele unaweka maji kama pakiti inavyosema. Kwa nyusi unapunguza maji ili isichuruzike, si ndiyo? Unapata uji mzito. Na mara nyingi mteja ametoka kunyolewa nyusi na wembe dakika tano kabla, ngozi ina mikwaruzo. Piko nzito zaidi, kwenye ngozi iliyofunguliwa, pembeni ya jicho. Na mteja akitoka jasho au akinawa uso, inaingia.

Ikiingia jichoni, palepale, usitafute kitambaa: maji safi, mfululizo, dakika 15 hadi 20, kope zimefunguliwa na vidole, anazungusha jicho. Najua Goma maji ni bidoni na kila bidoni ina bei. Basi weka bidoni moja ya maji safi karibu na kiti cha rangi, isiguswe kwa kazi nyingine. Akimaliza kuosha na bado anaona ukungu, au jicho linauma, aende kliniki siku hiyohiyo. Kuosha kunasaidia kilichoingia leo tu. Aleji ya keshokutwa haizuiwi na maji.

Na hilo onyo si la juzi. Mwaka 1933 Marekani waliuza rangi ya kope iitwayo Lash Lure, ndani yake ilikuwa PPD hiihii. Kuna mwanamke aliyepofuka, na mwingine alikufa kwa vidonda vilivyoingia vijidudu. Sheria yao ya vipodozi ya 1938 ilikuja baada ya mambo kama hayo, na mpaka leo pakiti za kule zinaandika wazi kwamba kutia kwenye nyusi au kope kunaweza kuleta upofu. Pakiti zetu za Kifaransa zinasema "isitiwe" tu, bila kusema kwa nini, basi tunafikiri ni adabu ya kampuni.

MamaZawadi_Himbi, Jumatatu saa 2:30 usiku

Uji mzito ni kweli, ndivyo nilivyofundishwa. Na wembe ni kweli 😔

Mteja wangu amerudi kutoka kwa daktari. Kioo cha jicho kizima, amepewa vidonge vya siku tano na krimu ya ngozi, lakini si ya kope, kwa kope amepewa nyingine laini. Bwana yake anataka nilipe dawa. Nitalipa.

PapaNdevu_Katindo, Jumatatu saa 3:12 usiku

Mimi natia ndevu piko ya wanaume miaka sita, kila wiki mbili. Boksi lina picha ya mwanaume mwenye ndevu nyeusi! Uso ni uso. Kama ndevu zinaruhusiwa, nyusi zangu mbili zenye mvi zina kosa gani? Na "bila amonia" imeandikwa kubwa mbele.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumatatu saa 3:40 usiku

Papa, geuza boksi. Mbele ni picha, nyuma ni mkataba. Utaona nalo linakataza nyusi, na jina la diamini liko palepale, au ndugu yake wa tolueni. Bila amonia maana yake haina harufu kali, basi. Kidevu kiko mbali na jicho, nyusi ziko juu yake, ukitoka jasho inashuka.

Miaka sita kila wiki mbili ni zaidi ya mara 150. Ningependa ufanye lile jaribio angalau mara moja kabla ya nyingine.

PapaNdevu_Katindo, Jumatatu saa 3:48 usiku

Linafanywaje? Mimi boksi natupa.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumatatu saa 4:10 usiku

Tone dogo kama punje ya haragi, nyuma ya sikio au kwenye kikunjo cha mkono kwa ndani. Liache likauke wazi, usifunike na bandeji. Usioshe pale saa 48. Ukiona kuwashwa, wekundu, kipele, hata kidogo, osha mara moja na usitie hiyo rangi tena. Kusubiri nusu saa ukasema "niko sawa" si jaribio, kwa sababu aleji hii inachelewa.

Kama utatia rangi peke yake au ukiwa umeshachanganya, fuata karatasi ya bidhaa yako, maana hazifanani. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana njia moja. Unga, hauna budi kuweka maji. Na jaribio likitoka safi si hati ya milele, ni la mara hiyo.

Wewe Aline na mteja wa Mama Zawadi msifanye hilo jaribio nyumbani. Ninyi jibu mnalo tayari.

FundiNywele_Birere, Jumatatu saa 4:33 usiku

Saa 48! Mteja anakuja Ijumaa saa kumi na moja, ndoa ni Jumamosi. Nikimwambia arudi Jumapili anavuka barabara kwa mwenzangu. Dada muuguzi, wewe una mshahara.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumatatu saa 4:50 usiku

Mshahara, tuseme hivyo 😂

Hapo sina jibu zuri. Labda tone la nyuma ya sikio umpake siku anapokuja kupanga tarehe, wengi wa ndoa wanakuja kupanga. Yule wa ghafla, nyusi mpe penseli. Inatoka na maji, lakini picha za ndoa hazijui tofauti.

MamaZawadi_Himbi, Jumanne saa 12:40 asubuhi

Penseli nimeshanunua mbili. Lakini kuna rangi nyingine wanauza kwa ajili ya nyusi hasa, tubi ndogo, jirani yangu anaitoa Kampala. Hiyo ni sawa?

Na swali la aibu: vidole vyangu vya mkono wa kulia vinapasuka na kuwasha tangu mwaka jana. Nilidhani ni sabuni. Glovu navaa, ila naziosha natumia tena.

NesiWaMacho_Bukavu, Jumanne saa 1:15 usiku

Tubi ya nyusi, siwezi kusema ndiyo wala hapana bila kusoma vilivyomo. Nyingine zina diamini hizohizo, nyingine hapana. Piga picha ya nyuma, si ya mbele.

Vidole hivyo si aibu. Mteja anaigusa piko mara moja kwa mwezi, wewe kila siku, neno "vaa glovu" limeandikwa kwa ajili yako kuliko yeye. Glovu iliyovaliwa, ikavuliwa, ikageuzwa, ina piko upande wa ndani. Tumia mara moja utupe, na kama utapata za nitrili ni bora kuliko za mpira wa kawaida. Vikae wiki tatu bila kugusa piko kabisa, msaidizi atie. Vikipona, na vikarudi siku ukigusa, umeshajua. Kama una njia ya kumwona daktari wa ngozi, nenda na pakiti.

MamaZawadi_Himbi, Jumanne saa 1:33 usiku

Wiki tatu. Msaidizi wangu ana miaka 17, na yeye si atapata hivihivi?

FundiNywele_Birere, Jumanne saa 1:50 usiku

Hapo sasa.

PapaNdevu_Katindo, Ijumaa saa 2:05 usiku

Naleta ripoti. Jumatano usiku nilitia tone nyuma ya sikio la kushoto, likakauka, nikalala. Jana hakuna kitu, nikawacheka wote. Leo mchana nikiwa kwenye teksi pakaanza kuwasha, sasa mke wangu ameangalia anasema pana duara jekundu lenye vipele vidogo, saizi ya sarafu. Nimeosha na sabuni. Ndevu nimenyoa zote. Mtoto mdogo alilia aliponiona.

Nyusi nimeziacha na mvi zake.

Aline_Ibanda, Ijumaa saa 2:11 usiku

Picha ya kidevu tafadhali 😂